Kadi ya Visanduku Kumi: Ahadi Ndogo Yenye Hesabu Yake

Katika miji ya Ruiru na Thika, ambako watoto wengi wa Pwani wamehamia kwa masomo au riziki, si ajabu kumkuta mama aliyefungua kijiduka cha pilau na mahamri kando ya njia. Wateja wake ni wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi na makondakta, na ushindani ni mkali, kwani mlango wa pili huenda ukauza chapati na maharagwe kwa bei ya chini. Hapo ndipo hujitokeza shauri la kadi: mteja apigwe muhuri kila anaponunua, na visanduku kumi vikijaa apewe sahani ya bure. Shauri ni jema. Lakini kadi hiyo ni ahadi iliyoandikwa, nayo hugombanisha watu kwa sababu ya neno moja tu lililoachwa wazi.

Neno lenyewe ni hili: iliyo bure ni sahani ya kumi, au ya kumi na moja? Kadi nyingi husema tu "Nunua kumi upate bure", na kisanduku cha mwisho kimechorwa nyota. Mteja aliyepigwa mihuri tisa huiona nyota na kudai haki yake. Muuzaji naye anasema bado amebakisha moja. Wote wawili wameisoma kadi ileile, na hakuna mwongo kati yao.

Tupige hesabu tuone tofauti. Tuseme sahani ya pilau inauzwa shilingi 200, na gharama yake, yaani mchele, nyama, makaa na mengineyo, ni shilingi 140. Faida ni shilingi 60. Mteja akilipia sahani kumi na kupewa ya kumi na moja, ile ya bure imemgharimu mama shilingi 140, ambazo zikigawanywa kwa mihuri kumi ni shilingi 14 kwa kila muhuri. Ikiwa ya bure ni ile ya kumi, mihuri yenye malipo ni tisa, na kila mmoja unabeba karibu shilingi 16. Kwa hiyo kila mama anapoinua muhuri wake anaandika deni la shilingi 14. Afadhali azitenge siku hiyohiyo katika kopo au akaunti ya pembeni, kwa maana kadi mia moja zilizojaa ni shilingi 14,000, nazo zaweza kurudi katika wiki moja.

Kutokana na hesabu hiyo linazuka swali ambalo wengi hawaliulizi. Faida ya sahani yenye muhuri si 60 tena, bali 46. Mteja aliyekuwa akila sahani kumi kwa mwezi alimpa mama faida ya shilingi 600. Ili kadi isimpunguzie kitu, mteja huyo sasa hana budi kununua sahani kumi na tatu hivi. Akiendelea kula kumi kama zamani, mama amemzawadia mtu ambaye angekuja hata bila kadi. Dalili huonekana daftarini: linganisha sahani zilizouzwa mwezi mmoja kabla ya kadi na mwezi wa pili baada yake. Kadi zikirudi kwa wingi na mauzo yakabaki palepale, zawadi ipunguzwe, kwa mfano iwe kikombe cha chai na mahamri mawili.

Wapo wanaopiga mihuri miwili ya mwanzo bure ili kumtia mteja hamu, na jambo hilo lina ushahidi. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio lililofanyika mahali pa kuoshea magari. Kadi 300 ziligawanywa: nusu zilikuwa na visanduku vinane vitupu, na nusu zilikuwa na visanduku kumi, viwili vikiwa vimekwisha kupigwa muhuri. Wote walitakiwa kuosha gari mara nane. Hata hivyo, kadi za kundi la kwanza zilizojazwa zilikuwa asilimia 19, na za kundi la pili asilimia 34. Mtu aliyekwisha kuanza safari huona mwisho uko karibu. Ila mama akumbuke kwamba visanduku kumi vyenye mihuri miwili ya bure ni manunuzi manane tu, na deni la kila sahani hupanda hadi shilingi 17 na senti 50.

Sasa maneno yenyewe. Upande wa mbele, chini ya jina la duka, yatosha kuandika hivi:

"Kila sahani moja ya pilau iliyolipiwa hupata muhuri mmoja. Mihuri kumi ikitimia, sahani inayofuata ya pilau ni bure. Kadi hii ni halali kwa miezi sita tangu muhuri wa kwanza, bila kuhesabu mwezi wa Ramadhani. Zawadi haibadilishwi kwa fedha."

Msomaji ataona kwamba limetajwa "sahani moja", wala si "ununuzi". Anayewalipia wenzake watatu anajua atapata mihuri mitatu, na anayenunua sambusa hadai kitu. Ramadhani imetolewa kwa sababu mama hafungui mchana, na si uungwana siku za mteja ziteketee mlango ukiwa umefungwa.

Upande wa nyuma ni wa visanduku na sahihi. Kadi ya milimita 85 kwa 55 huingia kumi katika karatasi moja ya A4, na hutosha mfukoni. Acha milimita tano kila ukingo. Panga visanduku vitano kwa safu mbili, kila kimoja milimita 13, na nafasi ya milimita mbili na nusu kati yao. Muhuri usizidi milimita kumi, kwani mkono wa mtu mwenye haraka haulengi katikati. Chini hubaki milimita 16 hivi, panapotosha mstari wa sahihi wa milimita 45 na wa tarehe wa milimita 25. Mwambie mpiga chapa asiupake upande huu plastiki wala ung'avu, maana wino hautakauka na utafutika kwa kidole.

Sahihi ni ya muuzaji, nayo hutiwa pamoja na tarehe wakati sahani ya bure inapotolewa. Kisha kadi hubaki dukani. Kadi iliyotiwa sahihi na kurudishwa kwa mteja yaweza kuletwa tena kwa msaidizi mgeni. Nambari ya simu au ya kitambulisho haina kazi hapa. Isiombwe.

Yabaki shauri la maduka mawili. Tuseme mama yuko Ruiru na mwanawe amefungua tawi Thika, kila mmoja na mfuko wake. Mteja akijaza kadi Ruiru akaenda kula Thika, mwana ndiye anayegharimika. Dawa yake ni mihuri ya maumbo tofauti: wa duara Ruiru, wa mraba Thika. Mwisho wa mwezi kadi zilizotiwa sahihi huhesabiwa mezani. Yenye duara saba na miraba mitatu, iliyoliwa Thika, inamdai mama shilingi 98, na shilingi 42 zilizobaki ni za mwana mwenyewe.