Kitabu cha kumpa aliyefiwa na mzazi

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja maktabani kwetu wiki mbili baada ya kumzika baba yake. Alikuwa amejaribu riwaya, kisha gazeti, kisha hata barua za rambirambi. Akifika chini ya ukurasa, hakumbuki juu palisemwa nini. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, au akili yangu imeharibika?"

Haikuwa imeharibika. Usingizi wa siku za matanga huja vipande vipande, na hata mchana akili hairuhusiwi kutulia: inasikiliza mlango, inakumbuka simu ya jioni ambayo haitapigwa tena. Nguvu inayobaki kwa kusoma ni kidogo mno. Ndiyo maana, ninapomchagulia mfiwa kitabu, siangalii kwanza sifa za mwandishi. Nakifungua katikati na kusoma kipande kimoja. Kikieleweka bila kujua yaliyotangulia, na kikaisha kabla ya kurasa nne, kitabu hicho kinaweza kumfaa. Kikinirudisha nyuma kutafuta nani ni nani, nakirudisha rafuni.

Mwalimu yule nilimpa *Notes on Grief* cha Chimamanda Ngozi Adichie, kilichotoka mwaka 2021. Ni kitabu chembamba, chenye vipande vifupi 30. Baba yake mwandishi, Profesa James Nwoye Adichie, msomi wa takwimu, alifariki ghafla Nigeria mwezi Juni 2020, binti akiwa Marekani. Viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona, familia ikawa inalia pamoja kwenye Zoom, na mazishi yakasubiri kwa miezi. Aliyewahi kupokea habari ya msiba kwa simu akiwa ugenini hahitaji kuelezwa zaidi.

Nikikiita kitabu cha upole sina maana kwamba kinabembeleza. Upole wake ni kutomdai msomaji kitu. Hakimwambii apone, wala hakimpangii hatua. Adichie anasema jinsi huzuni ilivyoingia mwilini, mbavu zikauma kwa kulia na ulimi ukawa mchungu. Hapo ndipo mwalimu alipoweka kitabu chini kwa mara ya kwanza, kwa sababu alikuwa anadhani maumivu yake ya mbavu ni ugonjwa mwingine. Kuna pia sehemu ambapo mwandishi anaumizwa na maneno ya kawaida ya kufariji. Wengine hupumua wakiisoma. Lakini kama nyumba bado imejaa wanaokuja kutoa pole, nashauri sehemu hiyo irukwe, ili mfiwa asianze kuwakasirikia.

Tulikubaliana asome kipande kimoja asubuhi, baada ya chai, simu ikiwa chumba kingine. Usiku asisome, kwa kuwa usingizi wenyewe ulikuwa haba. Asubuhi ambazo macho yalipita tu juu ya maandishi, binti yake wa kidato cha tatu alimsomea kwa sauti, akimweleza kwa Kiswahili palipokuwa pagumu. Kusikiliza kulimchosha kidogo kuliko kusoma. Siku nyingine hawakusoma chochote, na sikumwomba afidie.

Kwa aliyefiwa na mama ninacho kingine, shajara ya Mfaransa Roland Barthes, inayopatikana kwa Kiingereza kwa jina *Mourning Diary*. Mama yake alifariki Oktoba 1977, naye kesho yake akaanza kuandika kwenye vipande vya karatasi. Siku nyingine aliandika sentensi moja tu, na kwa mtu aliyechoka ukurasa wenye sentensi moja ni zawadi. Ila tahadhari ipo: karibu miaka miwili baadaye Barthes bado anaomboleza vilevile. Anayetafuta ahadi ya nafuu asikianze.

Vitabu viwili vinavyotolewa sana misibani mimi huvichelewesha. Kile cha Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, kilichoeneza zile hatua tano, kilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Mfiwa akikisoma mapema huanza kujikagua: mbona sijafika hatua ya hasira? Cha C. S. Lewis cha mwaka 1961 ni kifupi na cha kweli, lakini kinamlilia mke, na mwanzoni anamhoji Mungu kwa ukali unaoweza kumtikisa mtu ambaye sala ndiyo inayomsimamisha.

Na kitabu kina mpaka. Mtu asiyekula au anayesema hataki kuishi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Miezi 6 ikipita na bado hawezi kazi wala nyumba, naye akamwone daktari. Shirika la Afya Duniani linaitambua huzuni ya namna hiyo kuwa ugonjwa, na unatibika.

Mwalimu alirudi wiki ya arobaini, kitabu mkononi. Vipande vitano vya mwisho alikuwa hajavisoma, na akaanza kuomba radhi kwa kuchelewa. Nikapiga muhuri wa tarehe nyingine, nikamrudishia.