Magunia 300 Yanayosubiri Getini

Lori la mahindi likiingia kwenye kinu kikubwa cha unga nchini Kenya, anayelipanda kwanza huwa ni kijana mwenye bambo. Wapagazi husubiri. Kijana anachoma gunia hapa na pale, anamwaga punje kwenye ndoo, na ndoo hiyo ndiyo itakayoamua kama shehena nzima inashushwa au inarudi ilikotoka.

Sababu ya tahadhari hiyo inajulikana. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Unyevu unapimwa papo hapo kwa kifaa cha mkononi. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu, na inahitaji maabara.

Kwa hiyo kuna muda, mfupi au mrefu, ambapo mahindi yamefika lakini hayajakubaliwa. Swali linalomkera mhasibu, mtu wa stoo na msimamizi wa mashine ni moja: kwa sasa mzigo huu ni wa nani? Hapo ndipo ERP inapoingia, yaani programu inayounganisha ununuzi, stoo, uzalishaji na hesabu za kampuni. Nitatumia SAP kama mfano, kwa kuwa kampuni nyingi kubwa zinaitumia.

Tuseme lori letu lina magunia 300 ya kilo 90, yaani tani 27. Karani wa mapokezi anaweza kuuandika mzigo kwa njia mbili. Akitumia namba 101, mzigo umepokelewa: thamani yake inaingia kwenye vitabu vya kampuni pamoja na deni la kumlipa muuzaji. Ila kama mahindi yamesajiliwa kuwa bidhaa ya kukaguliwa, mfumo unayaweka kwenye fungu la ukaguzi na kufungua faili la ukaguzi wenyewe, bila kuombwa. Mtu wa kinu akitaka kuyatoa, mfumo unakataa. Njia ya pili ni namba 103: mzigo unaandikwa kwamba uko getini, lakini hauna thamani kwenye vitabu na wala si akiba ya kampuni. Ukifaulu, namba 105 inauingiza stoo. Ukifeli, namba 124 inaurudisha.

Kwa mahindi ningependelea 103, na sababu yangu si ya kihasibu. Fungu la ukaguzi lipo kwenye skrini tu. Mahindi yakishamwagwa kwenye shimo la kupokelea, yanapanda ghalani na kuchanganyika na ya jana, na hapo hakuna kompyuta inayoweza kuyatenga tena. Zuio la mfumo lina nguvu pale tu magunia yanapobaki juu ya lori, au yanaposhushwa na kupangwa kwenye safu yake yenye kibandiko. Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wengi hulisahau: kwa kawaida hesabu ya mahitaji ya SAP huchukulia mzigo ulio kwenye fungu la ukaguzi kama akiba itakayopatikana. Mpangaji anaona tani 27, haagizi nyingine, na maabara ikikataa, kinu kinasimama. Mzigo ulioandikwa kwa 103 hauhesabiwi kuwa akiba.

Turudi kwenye bambo. Je, achome magunia mangapi? Kanuni ya siku nyingi ya nafaka ni hii: magunia yakiwa 10 au pungufu, yachomwe yote, kati ya 10 na 100, yachomwe 10, yakizidi 100, ichukuliwe kipeuo cha pili cha idadi. Kipeuo cha pili cha 300 ni kama 17.3, kwa hiyo magunia 18. Idadi hiyo inawekwa kwenye mpango wa ukaguzi ndani ya mfumo, ili kijana asiachwe akadirie. Lakini mfumo haujui kama amechoma magunia ya katikati ya lori au ameridhika na yale ya pembeni anayoyafikia bila kupanda.

Magunia matupu ya kufungashia unga yana kanuni nyingine. Kwa shehena ya magunia 5,000, jedwali la ISO 2859-1 katika ukaguzi wa kawaida linataka yakaguliwe 200. Kwa kiwango cha ubora cha asilimia 1, yakipatikana mabovu 5 shehena inapita, yakifika 6 inakataliwa. Jedwali hilo linahesabu vitu vibovu, kimoja kimoja. Sumukuvu haihesabiki hivyo. Ni kama mawe kwenye mchele: punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi sana, na maelfu yaliyo jirani yake yakawa salama. Ndiyo maana sampuli yote, tuseme kilo 5, husagwa na kuchanganywa vizuri kabla ya kuchukuliwa kijiko cha kupima. Anayepima punje chache nzima za juu ya ndoo anabahatisha.

Sasa maabara imepata 17. Dereva analalamika, muuzaji anapiga simu, inachotwa sampuli nyingine na inatoka 8. Ipi ndiyo ya kweli? Huenda zote mbili, kwa sababu sumu imetawanyika hivyo. Hatari ni kurudia kupima mpaka jibu lipendeze. Mkataba unatakiwa kusema mapema kwamba unga wa sampuli ya kwanza unagawanywa mara tatu: sehemu moja ya kinu, moja ya muuzaji, na moja inafungwa kwa ajili ya mwamuzi. Katika mfumo, mkaguzi anaandika matokeo, kisha uamuzi. Uamuzi unaweza kubadilishwa kwa QA12, ambayo huacha historia. Ipo pia QA14, isiyoacha historia, na mkaguzi mkuu mwenye busara huuliza kwanza ni nani waliopewa ruhusa ya kuitumia. Dalili nyingine ya udanganyifu ni safu ya matokeo yanayofanana: unyevu 13.0, 13.0, 13.0, lori baada ya lori.

Kama mzigo ulikuwa umepokelewa kwa 101, unarudishwa kwa 122 pamoja na sababu. Thamani inatoka vitabuni na deni linapungua. Ankara ikiwa imefungwa kwenye mapokezi, muuzaji hawezi kulipwa kwa tani zilizorudi. Ikiwa alishalipwa, mhasibu anadai hati ya punguzo, na hapo ndipo simu zinaanza kutopokelewa. Lori linapimwa tena kwenye mzani wa kutokea, na kilo zilizosagwa maabara ziandikwe, la sivyo patakuwa na pengo lisilo na maelezo.

Lori hilo linaweza kwenda kuuzia kinu kisicho na maabara, au kiwanda cha chakula cha mifugo. Ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Namba 122 haina sehemu ya kuuliza lori linaelekea wapi, kwa hiyo kinu kinachojali kinaandika namba ya gari na kuwajulisha wasimamizi wa chakula.

Kwa muuzaji huyo, kanuni ya mfumo inaweza kubadilika yenyewe. Kwa utaratibu wa ISO 2859-1, shehena 2 zikikataliwa kati ya 5 zinazofuatana, ukaguzi unakazwa, na unalegezwa kurudi kawaida baada ya 5 mfululizo kupita. Kinu kinaweza kuazima wazo hilo kwa mahindi: lori lake lijalo lichomwe magunia 36 badala ya 18, na lisishushwe hata gunia moja kabla ya jibu la maabara.