Kabla ya Kupiga Simu Kliniki: Tulivyopanga Somo la Kiingereza kwa Wageni



Usharika rafiki wa dayosisi yetu huko Marekani unaendesha darasa la Kiingereza kwa watu wazima. Wanafunzi wengi ni Wakongo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuhamishiwa huko. Kwa kuwa wanazungumza Kiswahili, kamati ya darasa ilituomba tusaidie kupanga somo moja la dakika 90: kujaza fomu ya kliniki na kuweka miadi kwa simu.

Ombi hilo lilikuwa na sababu. Mama mmoja alipewa kwa simu miadi ya mtoto wake, saa 9:00 asubuhi kwa saa za Kizungu. Alilisikia vizuri neno la Kiingereza la tisa, akajiambia "saa tisa", akafika alasiri. Nafasi ilikuwa imeshapita, na chanjo ya mtoto ikasubiri wiki mbili zaidi. Kiingereza hakikumshinda mama huyu. Alipotea pale alipotafsiri namba bila kubadili saa.

Kwa hiyo hatukujaribu kufundisha fomu nzima. Tulichagua mambo matatu yanayohitajika kwenye fomu na kwenye simu pia: jina, tarehe ya kuzaliwa na saa.

Tulianza na jina, kwa dakika 30. Fomu huuliza "Last Name" na "First Name". Wakongo wengi hawana jina moja la ukoo. Baba, mama na watoto huweza kuwa na majina tofauti kabisa. Kila mwanafunzi alikuja na kitambulisho chake, akanakili majina kama yalivyoandikwa humo, bila kubadili mpangilio. Kisha alitaja jina herufi kwa herufi. Hapo kuna mtego: herufi E kwa Kiingereza husikika kama "i" yetu, na herufi I husikika kama "ai". Aliyesoma kwa Kifaransa huchanganya pia G na J. Mhudumu wa mapokezi akiandika jina vibaya, faili la mgonjwa halitaonekana atakaporudi.

Dakika 20 zilizofuata zilikuwa za tarehe. Marekani huandika mwezi kwanza. Mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 2016 huandikwa 08/05/2016. Mzazi akiandika 05/08/2016 kama tulivyozoea, kliniki itasoma tarehe 8 Mei, wala hakuna atakayeshtuka. Siku ikizidi 12 kosa huonekana mara moja, lakini ikiwa 12 au chini yake hujificha. Ndiyo maana mazoezi yetu yalitumia siku za mwanzo wa mwezi tu.

Dakika 30 zilikuwa za saa na simu. Mwalimu alileta saa ya ukutani, akawaonyesha kuwa mshale ni uleule, jina tu ndilo linalotofautiana kwa saa sita. Kanuni ikawa hii: ukisikia saa kwa Kiingereza, iandike kwanza kwa tarakimu pamoja na AM au PM, kisha ndipo useme kwa Kiswahili. Ukiandika 9:00 AM, jiambie saa tatu asubuhi.

Baada ya hapo wanafunzi walikaa wawili wawili wakipeana mgongo, kwa sababu kwenye simu huoni uso wala mikono ya mwenzako. Sentensi zilikuwa chache: kutaja jina, kuomba mkalimani wa Kiswahili, kueleza kuwa unataka miadi, na kurudia siku na saa uliyopewa. Kuomba mkalimani si aibu. Kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinatakiwa kumtoa bila malipo. Mtoto wa shule asifanywe mkalimani wa mzazi wake. Hayajui maneno ya ugonjwa, na yapo mambo ambayo mzazi hawezi kuyasema mbele ya mwanawe.

Dakika 10 za mwisho zilikuwa za kupima. Mwanafunzi mzima, kwa heshima, hujibu "ndiyo" hata asipoelewa. Kwa hiyo mwalimu aliporudia miadi alibadilisha saa kwa makusudi. Aliyemsahihisha alikuwa ameelewa, na aliyeitikia tu alirudia zoezi juma lililofuata.

Somo hili lina mipaka. Asiyejua kusoma hawezi kujaza fomu kwa siku moja; huyo alifundishwa simu tu, akapewa kadi yenye jina na tarehe yake ya kuzaliwa ili aionyeshe mapokezi. Maswali ya magonjwa ya zamani na dawa tuliyaacha kabisa, kwa kuwa hayo ni ya mkalimani.

Gharama haikuwa kubwa: saa ya ukutani, nakala za fomu tupu zilizoombwa kliniki, na wasaidizi wawili wa kukaa na wanaoandika polepole. Kamati itakayotaka kuendesha darasa kama hili itafute kwanza wasaidizi hao wawili.