Mtoto anashika nyonga baada ya mechi? Hesabu mashuti yake kabla ya kumpa dawa

Maumivu ya nyonga kwa kijana anayepiga sana mpira mara nyingi hayaanzi kwa kuanguka uwanjani. Huanza kesho yake asubuhi, anapoamka amekakamaa, anaposhuka kwenye daladala kwa kutanguliza mguu mmoja, au anapogeuka kitandani na kushika pale paja linapokutana na kinena. Akifika mazoezini na kukimbia dakika kumi, maumivu yanapotea, naye anaamini amepona.

Hapo ndipo wazazi wengi hupotea maboya. Maumivu yanayoondoka mwili ukipata joto na kurudi usiku au asubuhi ni dalili ya mwanzo kwamba misuli ya ndani ya paja inapewa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Katika hatua hii kurekebisha mazoezi kwa wiki chache mara nyingi hutosha. Yakiachwa hadi yamsumbue katikati ya mechi, kupona kunaweza kuchukua miezi.

Kwa nini wapigaji ndio huumia

Mchezaji anapopiga shuti, mguu hurudi nyuma na kwenda pembeni, kisha huvutwa mbele kwa nguvu. Misuli ya ndani ya paja hunyooshwa huku yenyewe ikivuta, na mvuto wote huishia kwenye kano fupi zilizojishikiza kwenye mfupa wa kinena. Pasi fupi haina uzito huo. Shuti kali, krosi ndefu na kona ndizo zenye gharama.

Kwa kijana kuna jambo la ziada. Sehemu ya mfupa ambako kano hizo zimejishikiza huchelewa kukomaa, kwa wengine hadi wanapovuka miaka 20. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 au 15 anaweza kuumia kwa idadi ya mashuti ambayo kaka yake mkubwa anaimudu.

Kipimo cha sekunde tano

Watafiti wa Denmark wana kipimo rahisi ambacho mzazi anaweza kukitumia sebuleni. Kijana alale chali, miguu imenyooka. Mzazi aweke mkono wake, kuanzia kiwiko hadi kiganja, katikati ya vifundo vya miguu. Kijana aubane kwa nguvu zake zote kwa sekunde tano, kisha aseme maumivu ya nyonga ni kiasi gani, kuanzia 0, yaani hakuna, hadi 10, yaani hayavumiliki.

Majibu husomwa kama taa za barabarani. Kati ya 0 na 2 ni kijani, anaendelea. Kati ya 3 na 5 ni njano, mazoezi yapunguzwe. Kuanzia 6 ni nyekundu, asicheze hadi apimwe na mtaalamu. Kipimo hiki kilichunguzwa kwa wanasoka wanaume watu wazima, hivyo kwa mtoto kichukuliwe kama mwongozo tu. Faida yake kubwa ni kulinganisha namba ya leo na ya juzi.

Mfano: winga wa miaka 15

Mchukulie winga wa miaka 15 anayejiandaa na UMISSETA na pia anachezea timu ya mtaani. Anafanya mazoezi siku nne kwa wiki, ana mechi Jumamosi na ndondo Jumapili. Kila baada ya mazoezi hubaki kupiga mipira ya adhabu 30. Ukijumlisha kona 10 na mashuti 20 ya mazoezi ya kawaida, ni mipigo mizito 60 kwa siku, sawa na 240 kwa wiki kabla ya mechi hata moja. Asubuhi anasema nyonga inauma kidogo. Kipimo kinatoa 4.

Kosa la kwanza ni kumpa diklofenaki kabla ya mechi. Dawa inazima taa ya njano, lakini mzigo uko palepale. Kosa la pili ni kumlaza wiki mbili kisha kumrudisha moja kwa moja kwenye mechi. Maumivu yatapoa, lakini misuli itakuwa imedhoofika, na shuti la kwanza kali litayarudisha.

Njia bora ni kuondoa kinachoumiza na kuacha mengine. Wiki ya kwanza winga huyu hapigi shuti, kona wala krosi, na hachezi mechi. Anakimbia taratibu kwa mstari mnyoofu na kupiga pasi za mita chache, mradi maumivu yasizidi 2.

Kila siku moja baada ya nyingine anaimarisha misuli. Analala chali, magoti yamekunjwa, anabana mpira katikati ya magoti kwa sekunde 30, anapumzika, na kurudia hadi mara 10. Akianza na mara tano si vibaya. Nguvu ya kubana iwe ile isiyopandisha maumivu juu ya 2.

Kipimo cha asubuhi kikibaki 2 au chini kwa siku kadhaa, anaanza mipigo 15 ya nusu nguvu, na siku inayofuata hapigi kabisa. Asubuhi namba haijapanda? Safari nyingine anapiga 25, kisha anaongeza nguvu, kisha kona, na mwisho kipindi kimoja cha mechi. Namba ikipanda, anarudi hatua moja nyuma, si mwanzo kabisa. Akishapona, ile mipira 30 ya ziada hairudi kila siku, na wikiendi anachagua mechi moja.

Mpango huu utashindikana kama kocha hajui. Maneno machache yanatosha: "Mwalimu, wiki hii kijana apige pasi fupi tu, kona apewe mwingine." Kocha wa mtaani naye aambiwe, maana mara nyingi makocha hao wawili hawajui kijana amepiga mipira mingapi kwa mwenzake.

Kuchua peke yake hakutoshi

Wengi hukimbilia kuchua na dawa ya misuli. Mwaka 1999 daktari wa Denmark, Per Hölmich, na wenzake walichapisha utafiti wa wanamichezo 68 wenye maumivu sugu ya nyonga. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuimarisha misuli, likiwemo la kubana mpira. Jingine lilichuliwa, likanyoshwa na kutibiwa kwa mashine. Waliorudi michezoni bila maumivu walikuwa 23 katika kundi la mazoezi, na 4 tu katika lile jingine.

Usisubiri kipimo cha nyumbani

Si kila maumivu ya kinena ni ya misuli. Uvimbe unaotokeza akisimama au akikohoa unaweza kuwa ngiri. Tezi inayouma huku kuna kidonda mguuni huenda ni mtoki. Vyote vinahitaji kuonwa kliniki.

Mambo mengine ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Korodani ikiuma ghafla, hata usiku, kila saa ina thamani, kwani ikiwa imejisokota nafasi ya kuiokoa hupungua sana baada ya saa sita. Akisikia kitu kimekatika wakati wa kupiga shuti na akashindwa kukanyaga, huenda msuli umeng'oa kipande cha mfupa. Mtoto wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea, hasa mwenye uzito mkubwa, apigwe eksirei ya nyonga hata kama anasema goti ndilo linauma, kwani kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimeteleza. Maumivu yenye homa, au kwa mtoto mwenye selimundu, nayo yasisubiri.

Kwa wengine wote, swali la kuuliza jioni baada ya mazoezi si "Umefunga mangapi?" bali "Leo umepiga mashuti mangapi?" Jibu liandikwe kwenye simu, na asubuhi liandikwe kando yake lile la sekunde tano.