Kisanduku Kinapomalizia Sentensi Yako

Mpishi amerekodi video ya chapati na kuipa jina “Siri ya Jikoni kwa Bibi”. Jina tamu, ila mtu aliyeshika unga saa hii hatafuti siri ya bibi. Ataandika anachokitaka, kwa maneno anayoyatamka kila siku, na maneno hayo YouTube inayajua.

Google ilianza kumalizia maneno ya watafutaji kwa majaribio mwaka 2004, na YouTube hutumia mbinu hiyo hiyo: ukianza kuandika, orodha inashuka chini ya kisanduku. Haikutungwa na mtu ofisini. Msingi wake ni yale ambayo watu wameshayaandika, yakichanganywa na lugha yako, mahali ulipo na ulichokitafuta nyuma.

Hilo la mwisho ndilo linalowapotosha wengi. Ukitazama mapishi kila siku, orodha itakurudishia mapishi yako mwenyewe. Pendekezo lenye alama ya saa pembeni limetoka kwenye historia yako. Lenye alama ya kioo cha kukuzia halikutoka huko. Kwa hiyo fungua dirisha la hali fiche, usiingie kwenye akaunti, ndipo uanze.

Andika “chapati” kisha usibonyeze chochote. Soma. Ongeza nafasi na herufi moja, “chapati l”, halafu “chapati m”, halafu “chapati z”. Kila herufi hufungua orodha nyingine, na hapo yanaweza kujitokeza maneno kama “chapati laini” au “chapati za maji”. Kisha anza upande wa pili: “jinsi ya kupika chapati”, “kwa nini chapati”. Mimi huyapenda zaidi haya ya “kwa nini”, maana anayeuliza kwa nini chapati zake zinakuwa ngumu ameshaziharibu, na atatazama video hadi mwisho.

Nakili maneno yalivyo, hata kama sarufi imeyumba. Tuseme umepata “jinsi ya kupika chapati laini”. Litafute lenyewe uone kinachotokea. Video zikiwa zote za mikondo mikubwa, tena za karibuni, mgeni atapata taabu kuonekana. Zikiwa za zamani, au zinazungumzia maandazi, pana nafasi. Sasa kichwa kinaweza kuwa “Jinsi ya Kupika Chapati Laini”, na bibi abaki ndani ya video.

Orodha haina hesabu, lakini. Pendekezo la kwanza si lazima liwe linalotafutwa zaidi, na Kiswahili, chenye watafutaji wachache kuliko Kiingereza, huweza kukosa pendekezo kabisa kwa jambo ambalo watu wanalihitaji. Video ikishapata watazamaji, ingia YouTube Studio, kwenye takwimu, utazame vyanzo vya watazamaji waliokuja kwa kutafuta. Hapo utasoma maneno waliyoandika kabla ya kukufikia, na baadhi yake kisanduku hakikuwahi kukuonyesha.