Korosho kwa Jina Jingine: Kusoma Lebo za Vyakula vya Kiitaliano

Mama mmoja wa darasa letu la watoto wadogo alikuja Jumamosi akiwa na karatasi ya daktari mkononi. Karatasi ilisema mwanawe wa miaka mitano ana mzio wa "anacardi" na "pistacchi". Hizo za pili alizijua, ni pistashio, zile za kijani. Lile neno la kwanza alidhani ni jina la kitaalamu la ugonjwa wenyewe. Nyumbani, ndani ya kabati, alikuwa na mfuko mzima wa korosho alioletewa na shangazi kutoka Mtwara. Binti yake mkubwa, anayesoma darasa la nne katika shule ya Kiitaliano, alilijua vizuri neno "anacardi", lakini hakujua kwamba ndizo hizo hizo mama anazoziita korosho. Mama alikuwa na nusu ya neno, na mtoto nusu nyingine.

Kwa hiyo safari hii tunasoma lebo pamoja, wazazi na watoto. Tutashika mzio wa karanga, korosho na jamii yake, kwa sababu hapo ndipo maneno ya Kiitaliano yanapotuteleza zaidi sisi tunaozungumza Kiswahili.

Kwanza matamshi, maana utahitaji kuuliza dukani. Kwa Kiitaliano, "c" ikifuatwa na "i" au "e" hutamkwa kama "ch" yetu, na "ch" yao ni "k". Hivyo "arachidi" hutamkwa arakidi, na hizo ni karanga. "Pistacchi" ni pistaki. "Noci" ni nochi. "Guscio" ni gusho. "Anacardi" tunaisoma kama ilivyo.

Sasa neno kubwa kuliko yote: "frutta a guscio". Ukilitafsiri neno kwa neno utapata "matunda yenye ganda", na mzazi anaweza kuwaza nanasi au stafeli. La, hili ni jina la kundi la njugu za mitini. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inataja vitu 14 vinavyoleta mzio ambavyo lazima vionyeshwe kwenye lebo, na "frutta a guscio" ni kimoja kati ya hivyo. Ndani yake mna lozi ("mandorle"), "nocciole" ambazo ni njugu ndogo za mviringo ambazo kwetu hazioti, jozi ("noci"), korosho, pistashio, na aina nyingine tatu zisizoonekana sana: "noci di pecan", "noci del Brasile" na "noci macadamia".

Karanga hazimo katika kundi hilo. Mkaranga ni jamaa ya kunde, huzaa chini ya ardhi, na sheria imezipa karanga nafasi yake peke yake. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa "arachidi" haisemi lolote kuhusu korosho, na iliyoandikwa "frutta a guscio" haisemi lolote kuhusu karanga. Mtoto mwenye mizio yote miwili anahitaji utafute maneno yote mawili.

Hapa pana mtego uliokwisha kuwanasa wengi. Tukitaka kusema "njugu" kwa jumla, tunachukua neno fupi tulilolisikia, "noci". Lakini Mwitaliano akisikia "noci" mara nyingi anafikiria jozi tu. Ukimwambia mhudumu "mio figlio è allergico alle noci", anaweza kukuletea tambi za pesto yenye korosho huku dhamiri yake ikiwa safi kabisa, kwa sababu jozi hamna. Sema "mio figlio è allergico alla frutta a guscio", na kama ni binti, "mia figlia è allergica". Halafu itaje kwa jina ile inayomdhuru: "anacardi e pistacchi". Vilevile usishtuke bure. "Noce moscata" ni kungumanga, "noce di cocco" ni nazi, "pesche noci" ni aina ya pichi zenye ngozi laini, na kwa muuza nyama "noce" ni kipande cha paja la ng'ombe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo katika kundi la "frutta a guscio".

Tuchukue sasa chupa ya pesto ya kijani. Pesto ya asili ya Genova hutiwa mbegu za msonobari, "pinoli", ambazo ni ghali sana. Kwenye chupa nyingi za viwandani utakuta korosho zimechukua nafasi ya zote au sehemu kubwa. Mbele ya chupa hutaona korosho. Utaona picha ya majani ya rehani na maneno "pesto alla genovese". Igeuze chupa. Lebo hii nimeitunga mwenyewe kwa mfano wa zile za kawaida:

Ingredienti: olio di semi di girasole, basilico 30%, ANACARDI, Grana Padano DOP (LATTE, sale, caglio, conservante: lisozima da UOVO), siero di LATTE in polvere, fiocchi di patate, sale, pinoli, aglio. Può contenere altra FRUTTA A GUSCIO e ARACHIDI.

Neno la kwanza, "ingredienti", ni viambato, yaani vyote vilivyotiwa ndani. Huandikwa kwa kufuata uzito, kizito zaidi kikitangulia. Hapa mafuta ya alizeti ndiyo mengi, kisha rehani, na korosho ni ya tatu. Si chembe iliyodondokea humo kwa bahati mbaya.

Tazama pia kwamba maneno mengine yameandikwa kwa herufi kubwa. Sheria inataka kila kimoja kati ya vile vitu 14 kijitenge na maneno mengine kwa mwandiko wake. Kiwanda kimoja kitatumia herufi nene, kingine herufi kubwa, kingine rangi nyuma ya neno. Ukishajua mtindo wa pakiti uliyoshika, jicho lako linaruka moja kwa moja kwenye maneno hayo. Katika chupa hii tunapata korosho, maziwa na yai. Ndiyo, yai ndani ya pesto: jibini ya Grana Padano huhifadhiwa kwa "lisozima", na hiyo hutolewa kwenye ute wa yai.

Lakini "pinoli" haikukolezwa, na si kosa la kiwanda. Mbegu za msonobari hazimo kwenye orodha ya 14. Ufuta, "sesamo", umo. Kama daktari amemkataza mtoto kitu kisichokuwa katika orodha hiyo, kupitisha jicho juu ya maneno manene hakutakusaidia. Utasoma orodha yote, neno kwa neno.

Sasa mstari wa mwisho, "può contenere", maana yake "huenda ikawa na". Wakati mwingine huandikwa "può contenere tracce di", yaani chembechembe, au "prodotto in uno stabilimento che utilizza", imetengenezwa katika kiwanda kinachotumia kitu fulani. Maneno haya hayahusu mapishi. Yanahusu mashine na meza za kiwanda: jana ilipita bidhaa ya lozi, leo inapita hii.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mzazi kuukimbilia mstari huo peke yake, kwa kuwa ni mfupi na uko mwisho, akidhani ni muhtasari wa mzio wote. Si muhtasari. Ukiusoma peke yake kwenye chupa yetu hutakutana na neno "anacardi" hata mara moja. Kuna kineno kidogo tu, "altra", yaani "nyingine", kinachokunong'oneza kwamba njugu za mitini zimeshakuwamo tayari, na hapa wanakuonya juu ya zile nyingine. Kilichotiwa kwa makusudi kipo juu, kwenye orodha.

Jambo lingine ni kwamba onyo la "può contenere" kiwanda hukiandika kwa hiari. Kukosekana kwake si ahadi kwamba hakuna chembe. Pengine kiwanda ni kisafi kweli, pengine hawakuandika tu. Mtoto wako akae mbali na chembe kiasi gani, hilo muulize daktari wa mzio anayemjua. Usiliamue ukiwa mbele ya rafu. Na usitegemee kumbukumbu: mapishi hubadilika, na biskuti zile zile katika pakiti ndogo zinaweza kuwa zimetoka kiwanda kingine chenye onyo jingine. Ukiona "nuova ricetta", mapishi mapya, anza kusoma upya kabisa.

Yapo maneno machache yanayoficha njugu bila kuzitaja mbele ya pakiti. "Gianduia" ni chokoleti ya "nocciole". "Marzapane" ni lozi zilizosagwa na sukari. "Torrone", peremende ya Krismasi, kwa kawaida hujaa lozi au "nocciole". "Granella" ni vipande vilivyokatwakatwa vya kunyunyizia juu ya keki, basi angalia ni granella ya nini. "Pasta di nocciole" si tambi, ni rojo. Mortadella, ambayo sisi Waislamu tunaipita kwa sababu ya nguruwe, nyingine hutiwa pistashio, na zile za kuku au bata mzinga zinazouzwa kwenye maduka ya halali nazo zisomwe.

Kwa wazazi wa watoto wenye mzio wa maziwa nina neno moja tu leo: "senza lattosio" maana yake sukari ya maziwa imeondolewa au imevunjwavunjwa. Protini ya maziwa, ambayo ndiyo inayomdhuru mwenye mzio, bado imo. Mtindi wa "senza lattosio" ni maziwa.

Vyakula visivyofungwa, kama mkate wa kukatwa, keki za dirishani na aiskrimu ya koni, havina lebo, ila muuzaji anatakiwa kuwa na maelezo ya mzio kwa maandishi. Uliza "Posso vedere l'elenco degli allergeni?", naomba kuona orodha ya vitu vya mzio. Kwenye aiskrimu orodha haitoshi, kwa kuwa kijiko kilichotoka kwenye pistashio kinaweza kuingia moja kwa moja kwenye vanila. Yule mama sasa huomba kijiko safi na chombo kipya ambacho hakijafunguliwa, na kama duka lina msongamano, hununua aiskrimu iliyofungwa, yenye lebo. Binti anasoma Kiitaliano kwa sauti, mama anamjibu kwa Kiswahili, na hawalipi mpaka kila neno limepata mwenzake. Zile korosho za Mtwara alimpa jirani.