Ziada ya SACCOS: asilimia ngapi, ya nini, na fedha iko wapi?

Katika mkutano mkuu wa mwaka wa SACCOS, mtunza hazina akisimama kusoma hesabu, wanachama wengi huwa wanasubiri jambo moja tu: gawio la mwaka huu ni asilimia ngapi. Ikitajwa asilimia kubwa, watu hupiga makofi. Ikitajwa ndogo, bodi hujikuta matatani. Lakini asilimia peke yake haisemi kitu mpaka mwanachama aulize mambo mawili. Ni asilimia ya nini? Na fedha ya kulipa hilo gawio ipo kweli, au ipo kwenye daftari tu?

Tuchukue chama cha mfano, tumfuate mtunza hazina hatua kwa hatua. Chama kina wanachama 400, na hesabu zake ziko katika shilingi za Tanzania.

Upande wa fedha za wanachama kuna mafungu mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni hisa, jumla shilingi milioni 40. Hisa ni mtaji wa chama. Zinampa mtu umiliki, na kwa kawaida hawezi kuzitoa akiwa bado mwanachama. Chama kikipata hasara, hisa ndizo zinazobeba mzigo huo kabla ya akiba kuguswa. La pili ni akiba, milioni 300. Hizi ni fedha za wanachama walizoweka chamani, na chama kinadaiwa kila shilingi yake. Kutokana na mafungu hayo mawili, pamoja na malimbikizo ya miaka ya nyuma, chama kimekopesha milioni 320, na kingine kipo benki.

Mwaka huu mikopo imeandikwa kuingiza riba ya milioni 48, na ada mbalimbali zimeleta milioni 4. Jumla ya mapato ni milioni 52. Mishahara, pango, umeme, ukaguzi na gharama za mkutano zimekula milioni 28. Milioni 4 nyingine zimewekwa kuwa tengo la mikopo chechefu, yaani kiasi kinachokatwa kwenye mapato kwa kutambua kwamba baadhi ya wakopaji hawatalipa. Kinachobaki ni milioni 20, na hiyo ndiyo ziada.

Kabla ya kugawa, ni vizuri kuona ziada hiyo imetoka wapi. Riba karibu yote imelipwa na wanachama wenyewe. Chama hakikuuza kitu kwa watu wa nje. Kiliwatoza wakopaji wake zaidi ya kile kilichohitajika kuendesha ofisi, na mwisho wa mwaka kinaangalia kilichozidi. Kwa hiyo kurudisha ziada kwa wanachama kwa sehemu kubwa ni kurudisha kile walichotozwa kupita gharama, na haki ya mgawanyo inaanzia hapo.

Ziada haigawanywi yote. Kwanza hutolewa fungu la akiba ya lazima, kwa kiwango kinachowekwa na sheria, kanuni na masharti ya chama. Katika mfano wetu tuchukue asilimia 20, yaani milioni 4. Kisha mkutano unaidhinisha milioni 1 kwa mafunzo ya wanachama na milioni 3 za kukuza mtaji. Fedha za akiba ya lazima hazina jina la mtu. Mwanachama akiondoka hurudishiwa akiba yake kamili, na hisa zake hufuata utaratibu wa masharti, pengine kwa kumwuzia mwanachama mwingine. Malimbikizo hayo ya pamoja hayagusi. Yanabaki ili mwaka mbaya ukija kuwe na kitu cha kuziba pengo kabla ya akiba za watu kuingia hatarini.

Sasa zimebaki milioni 12 za kugawa, na mabishano ya kweli yanaanza hapa.

Tuwatazame wanachama wawili. Wa kwanza ni mstaafu mwenye hisa za shilingi 500,000 na akiba ya 200,000. Mwaka mzima hajakopa. Wa pili ni fundi cherehani mwenye hisa za 100,000 na akiba ya 1,500,000. Alikopa milioni 2 kununua mashine, akalipa riba ya 300,000 bila kuchelewa hata mwezi mmoja.

Chama kikiamua kugawa milioni 12 zote kwa hisa, hesabu ni rahisi: milioni 12 kwa hisa za milioni 40 ni asilimia 30. Ukumbi utalipuka kwa makofi. Mstaafu atapata 150,000. Fundi atapata 30,000, ingawa yeye peke yake ameingiza riba ya 300,000 na akiba yake ndiyo iliyokopeshwa kwa wenzake. Asilimia 30 inayosifiwa imepatikana kwa kuchukua matunda ya mikopo na akiba na kuyapima kwa hisa, ambazo ni fungu dogo kuliko yote. Ndiyo maana inaonekana kubwa.

Mgawanyo mwingine unatazama jinsi kila mtu alivyokitumia chama. Tuseme mkutano unakubali gawio la asilimia 9 kwa hisa, ambalo ni milioni 3.6. Akiba inapata asilimia 2, yaani milioni 6. Zilizobaki, milioni 2.4, zinarudishwa kwa wakopaji kama asilimia 5 ya riba waliyolipa. Jumla ni milioni 12 zilezile. Mstaafu sasa anapata 45,000 kwa hisa na 4,000 kwa akiba, jumla 49,000. Fundi anapata 9,000 kwa hisa, 30,000 kwa akiba na 15,000 za riba, jumla 54,000. Mwenye hisa nyingi bado amelipwa vizuri kwa kuacha mtaji wake chamani, na aliyezungusha chama naye ameonekana.

Mgawanyo huu wa pili una historia ndefu. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, walifungua duka la ushirika. Waliweka kiwango cha mwisho cha riba kwa hisa, kisha faida iliyobaki wakaigawa kwa kadiri kila mwanachama alivyonunua dukani. Misingi ya kimataifa ya ushirika iliyopitishwa Manchester mwaka 1995 inafuata njia hiyo: malipo kwa mtaji, kama yapo, yawe na mpaka, na wanachama wanufaike kwa uwiano wa shughuli zao na chama. Kwa chama cha mazao kipimo kinakuwa kilo. Mkulima wa kahawa aliyepeleka gunia kumi anastahili mara mbili ya aliyepeleka matano, hata kama hisa zao ni sawa. Sheria ya ushirika ya Kenya inaongeza kinga nyingine: mwanachama mmoja mmoja haruhusiwi kumiliki zaidi ya moja ya tano ya mtaji wa hisa wa chama.

Kwa hiyo chama kikitangaza asilimia, uliza inahusu hisa, akiba au riba iliyolipwa. Katika SACCO nyingi za Kenya hutangazwa viwango viwili, kimoja cha hisa na kingine cha akiba, na cha hisa mara nyingi ndicho kikubwa. Mwenye akiba ya milioni na hisa za elfu chache akikimbilia kiwango cha hisa kupiga hesabu zake, atapotea. Angalia pia riba ya akiba imeandikwa wapi. Vyama vingine huiweka kwenye matumizi kabla ya kufika kwenye ziada. Hapo ziada itaonekana ndogo, ingawa mwenye akiba amekwisha kupata chake.

Swali la pili ni zito zaidi, kwa sababu linaweza kukiangusha chama. Turudi kwenye ile riba ya milioni 48. Nilisema imeandikwa kuingia. Katika uhasibu, riba ya mkopo inaweza kuandikwa kuwa mapato pale inapostahili kulipwa, hata kama mkopaji hajaleta senti. Tuseme milioni 8 kati ya hizo hazijalipwa, na waliokopa hawaonekani. Tuseme pia mikopo ya milioni 16 imekaa zaidi ya mwaka bila rejesho lolote, huku tengo likiwa lile la milioni 4. Zinapungua milioni 12. Sasa ondoa milioni 8 za riba hewa, ondoa na milioni 12 za tengo lililokosekana. Ziada ya milioni 20 imekuwa sifuri.

Bodi ikilipa gawio la milioni 12 hata hivyo, fedha itatoka benki, na fedha iliyoko benki ni akiba za wanachama. Watu wanalipwa kwa fedha zao wenyewe na kuambiwa ni gawio. Mwaka wa kwanza hakuna anayeumia. Mwaka wa pili foleni ya mikopo inarefuka, kwa kuwa hakuna cha kukopesha. Wa tatu, anayetaka kutoa akiba anaambiwa arudi mwezi ujao.

Mwanachama wa kawaida anaweza kuliona jambo hili mapema bila kuwa mhasibu. Kwenye mizania, upande wa mali, kuna mstari wa riba inayodaiwa. Ulinganishe na wa mwaka jana. Ukikua haraka kuliko mikopo yenyewe, mapato yanayosomwa hayaji na fedha. Kisha omba mchanganuo wa mikopo kwa umri wa ucheleweshaji: iliyochelewa mwezi, miezi mitatu, zaidi ya mwaka. Ile ya zaidi ya mwaka ilinganishe na tengo. Katika chama chetu pengo lingeonekana palepale, milioni 16 dhidi ya 4. Mwisho, soma maoni ya mkaguzi kwenye ukurasa wake mwenyewe, usitegemee muhtasari wa mwenyekiti. Mkaguzi akiwa ameweka angalizo juu ya mikopo au tengo, hilo ni la kujadiliwa kabla ya gawio kupigiwa kura.

Kura hiyo ni ya wanachama. Bodi inapendekeza mgawanyo, na mkutano mkuu una nguvu ya kuukataa au kuupunguza. Unaweza pia kuamua gawio liongezwe kwenye hisa za kila mtu badala ya kulipwa taslimu, ili fedha ibaki ikifanya kazi. Na kwa kuwa kila mwanachama ana kura moja bila kujali wingi wa hisa zake, fundi cherehani na mstaafu wanaingia ukumbini wakiwa sawa. Fundi akiuliza ni asilimia ya nini na riba kiasi gani imelipwa kweli, mtunza hazina anapaswa kumjibu kwa tarakimu, kwenye mkutano huohuo, kabla mikono haijanyooshwa.